Rufaa ya Shingo ya Mama

Mama yangu hakuwahi kuumwa. Ndivyo alivyosema mwenyewe kwa kila mtu aliyevaa koti jeupe au aliyeshika kalamu, tangu alipovuka mpaka kutoka Burundi akiwa msichana mdogo, akiburutwa mkono na bibi yangu. Bibi alimfundisha sheria moja ya maisha ya ukimbizini: mbele ya karani, mtu haumwi. Mgonjwa anaandikwa pembeni, mgonjwa anatengwa, mgonjwa anarudishwa alikotoka. Kama kuna aliyewahi kurudishwa kwa sababu ya kikohozi sijui. Nimeuliza ukoo mzima na hakuna aliyenitajia hata jina moja. Lakini sheria ilibaki, na mama aliishika kuliko amri kumi.

Siku ya kuhojiwa kwa ajili ya uraia, kule Katumba kwenye makazi ya wakimbizi, mama alisimama kwenye foleni akitetemeka kwa malaria. Karani akamuuliza hali. Akajibu, "Amani tu, baba." Akapata uraia wake. Baada ya hapo, nani angemshawishi kwamba sheria ya bibi ilikuwa ya kijinga?

Mimi ni Emelyne, mtoto wake, mwalimu wa shule ya msingi huku Mwamkulu. Nakatwa mchango wa bima ya afya kila mwezi kabla mshahara haujanifikia, na mama nilimwandikisha kama mtegemezi wangu. Kadi yake niliipokea kwa mbwembwe. Nilimwambia, "Mama, sasa ukiumwa unatibiwa kama bosi." Akaitazama kadi, akaifunga kwenye pindo la kitenge, akasema, "Asante mwanangu. Lakini siumwi."

Alikuwa na rovu. Lilianza kama yai la kuku chini ya koo, likakua polepole miaka na miaka, hadi likawa tonge kubwa lililoshuka nyuma ya mfupa wa kifua. Alilifunika kwa skafu. Watu wa kanisani walizoea skafu, na sisi wa nyumbani tukazoea rovu. Nilipomhamishia kwangu Mwamkulu, nilimkuta anakula taratibu, tonge moja kwa maji mengi, na usiku anakaa kitandani ameegemea ukuta, rozari mkononi. Nilidhani anasali.

Nilimpeleka hospitali mjini Mpanda kwa sababu skafu zilianza kutomtosha. Daktari kijana wa mapokezi alikuwa mpole, alimwita mama na kumvutia kiti.

"Mama, unasumbuliwa na nini?"

"Amani tu, mwanangu. Ni hili linanitia aibu kanisani."

"Kupumua unapumua vizuri?"

"Napumua."

"Kumeza? Kulala?"

"Namshukuru Mungu."

Kijana akaandika alichoambiwa. Angeandika nini kingine? Kisha akatupeleka kwa daktari bingwa wa upasuaji, Dokta Hilari, mtu mrefu asiye na maneno mengi. Huyo alimpapasa shingo, akaagiza eksirei, akaitazama kwenye mwanga na kuguna. Bomba la hewa lilikuwa limesukumwa kulia. Akasema rovu hilo litolewe, na kwa kuwa limeingia kifuani litolewe kwenye hospitali ya kanda, Mwanza. Ombi la kibali likatumwa Mfuko wa bima. Nikamnunulia mama soda, tukarudi nyumbani tukiwa na furaha.

Jibu lilirudi kupitia dawati la bima la hospitali. Dada wa dawatini alinichapia karatasi huku akiepuka kunitazama. *Ombi halijaidhinishwa. Upasuaji wa kurekebisha muonekano. Rejea: huduma zisizogharamiwa.*

Muonekano! Nilisoma neno hilo nikasikia masikio yanawaka moto. Mama yangu, mama wa jembe na mihogo, ambaye hajawahi hata kupaka hina, eti anataka urembo! Nilifika nyumbani nikimtukana kila mtu mwenye ofisi kuanzia Mpanda mpaka Dodoma. Mume wangu, Machibya, alikuwa anakamua ng'ombe. Alinisikiliza hadi nikaishiwa pumzi.

"Sasa mke wangu," akasema, "Mfuko umemwona wapi mama? Mfuko umeona karatasi. Karatasi imesema nini?"

Machibya ni Msukuma, na Msukuma akichomwa na mwiba kijiji kizima kinajua. Siku zote ananitania, "Nyie Warundi mkiunguliwa nyumba mnasema jua limetoka." Siku ile hakucheka aliposema.

Nikaitafuta karatasi. Nikaomba nakala ya maelezo yaliyoambatishwa kwenye ombi, nikayasoma nimesimama pale pale kwenye korido ya hospitali. *Mgonjwa analalamikia muonekano wa shingo. Hana shida ya kupumua, kumeza wala kulala.* Nilikaa chini kwenye benchi. Lile neno la muonekano halikutoka Mfuko. Lilitoka kinywani mwa mama.

Lakini mimi ni mwalimu, na mwalimu akikosolewa hurudi kwenye kitabu. Nilipakua mwongozo wa mafao kwenye simu, nikausoma ofisini kwetu wakati wenzangu wanakunywa chai. Lugha yake kavu kama pumba, lakini nilikipata kipengele. Kilisema upasuaji wa kubadili muonekano haugharamiwi, *isipokuwa pale daktari bingwa atakapothibitisha kwa vipimo na maelezo ya kitabibu kuwa hali hiyo inaathiri utendaji wa kiungo.* Niliisoma ile "isipokuwa" mpaka nikaikariri. Kipengele kingine kilimpa mwanachama haki ya kukata rufaa kwa maandishi kwa meneja wa mkoa, na asiporidhika, makao makuu. Nikaandika barua usiku uleule. Nikataja vipengele vyote viwili, nikaambatisha eksirei na ripoti fupi ya Dokta Hilari, nikaipeleka mwenyewe ofisi ya Mfuko mjini.

Alinipokea afisa mmoja, Manyanda, kijana nadhifu mwenye miwani. Nilikuwa nimejiandaa kugombana. Akanivuta kiti, akaisoma barua yangu yote, akaisoma tena.

"Mwalimu, barua nzuri. Kipengele umekitaja vizuri. Lakini itarudi."

"Kwa nini?"

"Anayeamua ni daktari mhakiki. Mezani kwake zitakuwepo karatasi mbili. Moja inasema bomba la hewa limesukumwa. Nyingine, ya mgonjwa mwenyewe, inasema hana shida yoyote. Bomba kusukumwa siyo lazima libanwe. Wapo watu wana marovu makubwa na wanalima. Mhakiki ataandika kwamba mgonjwa aendelee kufuatiliwa."

"Kwa hiyo mama yangu afe ndiyo muamini?"

"Sijasema hivyo, dada yangu." Aliivua miwani. "Leta picha ya CT ya shingo na kifua ionyeshe bomba limebanwa kiasi gani. Leta ripoti mpya ya bingwa, ataje utendaji, siyo ukubwa wa uvimbe. Na mgonjwa asikilizwe upya. Aseme mwenyewe anachosikia, bingwa aandike, aeleze kwa nini maelezo ya kwanza yalikuwa tofauti. Picha bila dalili haina nguvu."

Nilimchukia kwa sababu alikuwa sahihi. Nikaichukua barua yangu, nikatoka bila kuaga vizuri.

Nyumbani nilimkuta Machibya ananisubiri nje. Aliniambia jambo ambalo alikuwa amelibeba siku nyingi, kwa sababu mkwe hamsemi mkwe wake. "Yule mama halali, Emelyne. Mimi naamka alfajiri kwenda kwa ng'ombe, nampita pale dirishani. Hasali. Anavuta hewa kwa sauti kama ndama aliyekabwa na kamba. Akisinzia kichwa kikianguka anashtuka, anajishika koo. Halafu anainua rozari."

Nikaingia ndani. Mama alikuwa anachambua maharage.

"Mama, unalala umekaa?"

"Nasali."

"Mama."

Aliendelea kuchambua. Nikamweleza yote: Mfuko, kipengele, daktari mhakiki, na kwamba kibali kinasubiri neno lake. Akanisikiliza kama anavyosikiliza mahubiri ya padri mgeni.

"Unataka niende kwa mtu wa serikali nikamwambie mimi ni mgonjwa," akasema mwishowe.

"Ni daktari, mama."

"Anaandika?"

"Anaandika."

"Basi ni karani." Akaweka ungo chini. "Karatasi ikishasema wewe ni mgonjwa haisahau. Kesho wanakuja na orodha nyingine."

"Mama, wewe ni raia! Nani atakurudisha? Urudishwe wapi?"

Nilikuwa nafoka. Nikamwona anashtuka, macho yake yamekuwa ya yule msichana wa mpakani, na nikaona aibu. Nikapiga magoti, nikamshika miguu. Nilimwambia sina mama mwingine. Nilimwambia kama bibi angekuwa hai, naye angemwambia aseme. Hili la pili sikuwa na uhakika nalo hata kidogo.

Akarudi kwenye maharage yake. Hewa ikawa inaingia na kutoka kwake kwa mluzi mdogo, na nikashangaa nilikuwa nimewezaje kutousikia.

"Nitasema mara moja," akasema. "Mara moja tu, Emelyne. Usinirudishe tena kwenye jambo hilo."

Dokta Hilari alifunga mlango. Alimwambia mama ainue mikono yote miwili juu mpaka iguse masikio, na akae hivyo. Mama akainua. Nilidhani ni mazoezi tu. Baada ya muda mfupi uso wake ulianza kuvimba na kuiva, mishipa ya shingo ikatutumka, na ule mluzi ukageuka sauti ya mtu anayezama. Dokta akamshusha mikono haraka, akamshikilia mpaka pumzi ikarudi.

"Sasa mama, niambie."

Mama aliitazama kalamu ya dokta. Kisha akasema, kwa sauti ya chini, bila kupumzika, kama mtu anayetua mzigo wa kuni. Kwamba hajalala chali tangu mjukuu wake wa kwanza alipobatizwa. Kwamba ugali unamkwama, na akiwa peke yake huutoa kwa kidole. Kwamba akiinama kupalilia anaona giza. Kwamba usiku hufa na kurudi, hufa na kurudi, na kila akirudi anasema Salamu Maria ili aliyelala chumba cha pili asijue. Kwamba anaogopa. Hilo alilirudia. "Naogopa, baba."

Dokta aliandika kila neno. Mimi nililia mpaka nikaondoka chumbani, nikaenda kulilia kwenye korido, mbele za watu, kwa sauti kabisa.

CT ilionyesha bomba la hewa limebaki na upana chini ya nusu. Ripoti mpya ilikuwa kurasa mbili. Dokta alieleza kwamba maelezo ya kwanza hayakuwa sahihi kwa sababu mgonjwa alificha dalili kwa hofu, akaandika kipimo cha kuinua mikono na matokeo yake, akamalizia kwamba upasuaji unaoombwa ni wa kuokoa njia ya hewa na hauhusiani na muonekano. Nikaandika barua upya, kila sentensi yangu ikiegemea sentensi yake. Manyanda alipokea bahasha, akapiga muhuri kwenye nakala yangu. "Hii sasa ina meno," akasema. "Meneja ataipeleka makao makuu."

Kisha tukasubiri. Mvua zikaanza, barabara ya Mwamkulu ikawa uji. Nilikuwa naingia darasani simu imo mfukoni, nafundisha hesabu za sehemu huku nasikiliza paja langu. Kila asubuhi nilimuuliza mama, "Umelalaje?" Na kila asubuhi, "Amani tu." Nilikuwa nimedhani baada ya siku ile kwa daktari ule mlango umefunguka. Haukufunguka. Alikuwa ameufungua mara moja, kama alivyoahidi, akautia komeo tena. Kwa hiyo nikaacha kuuliza, nikawa nasikiliza mluzi. Machibya aliukata mti wa uani akamtengenezea kiti cha kulalia chenye mgongo mrefu, na mama akamshukuru akisema kinafaa kwa kusali.

Manyanda alipiga mwenyewe, jioni, nikiwa nasonga ugali. "Mwalimu, rufaa imekubaliwa. Kibali kamili, upasuaji na kulazwa. Hongera." Nilipiga kigelegele mpaka jirani akaja mbio. Nilimkumbatia mama, nikamwambia, "Umeshinda! Neno lako limeshinda!" Akatabasamu. Nadhani alifurahi kwa ajili yangu.

Tulipanda basi alfajiri, yeye amekaa wima njia nzima, skafu shingoni, fomu ya kuhamishwa na kibali ndani ya mkoba wangu. Mwanza walimpima, wakamlaza, wakamfanyia upasuaji asubuhi. Ulikwenda vizuri. Daktari aliyetoka alinionyesha kwa mikono miwili ukubwa wa kilichotolewa. Mchana nikaruhusiwa kumwona. Alikuwa amelala chali.

Sijui nitawaelezaje. Mama yangu, chali, mto mmoja tu chini ya kichwa, bandeji shingoni na kampira kadogo ka kutolea damu pembeni, na hakuna mluzi. Nilisimama pale nikisikiliza ukimya wa koo lake kama mtu anayesikiliza kwaya.

Nesi alikuwa dada makini. Alinieleza kwamba siku ya kwanza wanaangalia sana damu isije ikavujia ndani, kwa hiyo mgonjwa akisikia shingo inakaza, au pumzi inakuwa nzito, aseme hapohapo. Nikamweleza kwamba mama yangu hasemi. Akaitikia kwa kichwa, akasema atamuuliza mara kwa mara.

Nikainama kwa mama. "Umesikia? Shingo ikikubana, sema. Pumzi ikiwa nzito, sema. Hata kidogo."

Akanipapasa mkono. Sauti yake ilikuwa ya kukwaruza, lakini nyepesi, kama ya msichana.

"Nilishasema," akajibu.

Muda wa kuona wagonjwa ukaisha, wakatutoa. Nilienda kutafuta uji. Nilipanga foleni nyuma ya watu wenye chupa za chai, nikampigia Machibya, nikamwambia mkwe wako amelala chali, akacheka kwenye simu mpaka nikamsikia ng'ombe wanaitikia.

Nesi alikuja kunieleza yeye mwenyewe, macho mekundu. Alimuuliza kama alivyoahidi. *Mama, unapumua vizuri? Shingo haibani?* "Amani tu, mwanangu." Kampira kalikuwa hakatoi kitu, wakadhani damu imekata, kumbe kameziba kwa bonge la damu. Nesi akazunguka kwa wengine, akarudi, akauliza tena. Mama akatabasamu, akainua rozari amwonyeshe kwamba anasali. Mara ya tatu alipofika, midomo ilikuwa imebadilika rangi. Waliita daktari, wakafungua nyuzi palepale kitandani, wakajaribu kila kitu wanachokijua. Nawaamini. Nimeshindwa kuwachukia, ingawa nilitaka sana kupata wa kumchukia.

Mfuko ulilipa kila kitu. Niseme hilo kwa haki. Upasuaji, dawa, kitanda, hakuna kilichokataliwa. Manyanda alinipigia akasema pole.

Tulimzika Katumba, karibu na bibi. Watu walikuwa wengi, skafu nyingi, mvua ikinyesha na kuacha. Machibya alilia kwa sauti kubwa kaburini, kwa namna ya kwao, na wazee wetu wakamtazama kwa huruma yenye aibu kidogo. Sisi tulisimama wima kama tulivyofunzwa. Nami nilisimama wima. Nilihisi kitu kimenikaa kooni, kikubwa kama tonge, na hewa inapita pembeni yake kwa shida.

Shangazi Scolastica, dada wa marehemu baba yangu, aliyevuka mpaka ule ule, alinijia baada ya maua kuwekwa. Akanishika mikono yote miwili. Akanisalimu kwa lugha yetu, kama inavyosalimiwa kila siku, kwenye sherehe na kwenye msiba.

"Amahoro, mwana wanje?"

Jibu lake ni neno lilelile, amahoro, amani. Kila mtu pale alikuwa analisubiri, bila kufikiri, kama unavyosubiri mtu aitike amina. Lilikuwa tayari mdomoni. Nikaangalia udongo mbichi.

"Oya, shangazi, hapana," nikasema, kwa sauti ya kusikika na watu wote. "Si amani. Naumwa. Naumwa sana."